Boksi la Chungu: Sentimita Moja Inagharimu Kilo Ngapi?

Vyungu vya Ikombe, vinavyofinyangwa na akina mama wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, vina sifa mbili zinazomtesa kila anayetaka kuvisafirisha mbali. Ni vyepesi kuvunjika, na ndani ni vitupu. Sifa ya kwanza inamsukuma mfungaji achukue boksi kubwa ili aweke vitu laini vingi kuzunguka chungu. Sifa ya pili inamwadhibu kwa uamuzi huohuo, kwa sababu kwenye usafiri wa ndege anayelipia boksi kubwa jepesi hulipia nafasi, halipii uzito. Kwa mkazi wa Tunduma anayetaka kumpelekea ndugu yake chungu kimoja huko Ulaya au Uarabuni, swali la ukubwa wa boksi ndilo linaloamua gharama kuliko uzito wa chungu chenyewe. Hoja yangu ni kwamba swali hilo lina jibu la hesabu, na jibu hilo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani: kwa chungu cha kawaida, sentimita 5 za vitu laini kila upande zinatosha. Anayezidisha hapo hulipa fedha nyingi kwa kinga kidogo.

Tuanze na jinsi ada inavyopatikana. Wakala hupima boksi mara mbili. Kwanza huliweka kwenye mizani. Kisha hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha namba hizo tatu, na jibu huligawa kwa kigawanyo cha kampuni. Kinachopatikana huitwa uzito wa ujazo, na mteja hulipia uzito ulio mkubwa kati ya hiyo miwili. Kampuni kubwa za vifurushi vya haraka, kama DHL Express, hutumia kigawanyo cha 5000, na mizigo ya kawaida ya ndege kwa kanuni ya IATA hutumia 6000. Sababu yake inaeleweka: ndege iliyojaa maboksi mepesi huishiwa nafasi kabla haijafikia uzito inaoweza kubeba, na nafasi hiyo lazima ilipiwe na mtu. Kwa kigawanyo cha 5000, boksi la lita 5 linahesabiwa kuwa kilo moja hata kama limejaa hewa. Jibu la mwisho hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, kwa hiyo kilo 9.07 hulipiwa kama kilo 9.5.

Sasa tuchukue chungu cha mfano chenye upana wa sentimita 24, kimo cha sentimita 22 na uzito wa kilo 2.4. Tukikizungushia sentimita 5 za vitu laini kila upande, tunahitaji nafasi ya ndani ya 34 kwa 34 kwa 32. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu, kwa kuwa wakala hapimi ndani, anapima nje. Katoni imara ya tabaka mbili ina ukuta wa karibu milimita 7, na juu na chini vifuniko hulaliana, kwa hiyo unene huo unajirudia. Boksi hilohilo kwa nje linakuwa karibu 36 kwa 36 kwa 35. Kwa vipimo vya ndani hesabu ingetoa kilo 7.4, lakini kwa vipimo vya nje inatoa 9.07, nayo inalipiwa kilo 9.5. Kwenye mizani, chungu, katoni na vitu laini kwa pamoja havizidi kilo 4. Mteja analipia zaidi ya mara mbili ya uzito halisi, na hilo ni katika ufungaji uliofanywa kwa kipimo.

Tulinganishe na unene mwingine kwa njia hiyohiyo. Ukiweka sentimita 3 tu kila upande, unalipia kilo 6.5. Ukiweka 8, unalipia kilo 14.5. Ukiweka 12, unafika kilo 24.5. Gharama inapanda kwa kasi inayoongezeka, kwa sababu kila sentimita unayoongeza inaongezwa pande zote sita za boksi. Kinga haipandi hivyo. Kinachovunja chungu ni kusimama ghafla. Boksi likidondoka kutoka kimo cha kiuno, tuseme sentimita 75, nguvu inayokipiga chungu inategemea umbali kinaopewa wa kusimama. Vitu laini vizuri hubonyea hadi karibu nusu ya unene wake kabla havijakuwa vigumu. Sentimita 3 zinatoa umbali wa 1.5, na chungu kinapigwa kwa wastani wa nguvu karibu mara 50 ya uzito wake. Sentimita 5 zinaishusha hadi mara 30, sentimita 8 hadi mara 19, na sentimita 12 hadi mara 12 hivi. Ukitoka 3 kwenda 5, unalipia kilo 3 zaidi na unapunguza pigo kwa 20. Ukitoka 8 kwenda 12, unalipia kilo 10 zaidi na unapunguza pigo kwa 6 au 7 tu. Kinga inayopungua thamani na gharama inayoongezeka kasi zinapishana mahali fulani, na kwa chungu cha aina hii zinapishana karibu na sentimita 5.

Mtu anaweza kupinga kwamba hesabu hii ni ya wanaopeleka mizigo kwa ndege, ilhali kifurushi cha Tunduma huanza safari kwenye buti la basi, ambako hakuna anayetoa futi wala kugawa kwa 5000. Ni kweli kwamba kwenye basi bei hupatikana kwa jicho na kwa maelewano. Lakini jicho la mpokea mizigo nalo linaangalia nafasi, na anayeleta boksi kubwa hutajiwa bei kubwa. Zaidi ya hapo, basi linaleta hatari mbili ambazo boksi kubwa huzizidisha. Ya kwanza ni kulaliwa na magunia na mabegi mengine katika safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam. Boksi pana lenye uwazi ndani linapokea uzito mwingi juu ya kifuniko kisicho na kitu cha kukishikilia, nalo hubonyea katikati. Ya pili ni mtikisiko. Vipande vya karatasi au povu vilivyomwagwa ovyo kwenye boksi kubwa hushuka na kujipanga upya njiani, na chungu kizito huzama taratibu hadi kikagusa sakafu ya boksi. Mfungaji aliweka sentimita 10 chini yake. Kinapofika Ubungo au Mbezi kimebakiwa na moja.

Kwa hiyo sentimita 5 zangu zina sharti: ziwe zimeshikana. Chungu cha Ikombe kina kitako cha duara, na kikiwekwa juu ya kitu tambarare uzito wake wote hukaa kwenye eneo dogo, ambalo ndilo hupasuka kwanza. Dawa yake ni kata, ileile inayowekwa kichwani chini ya ndoo. Sokota nguo au karatasi ngumu iwe pete ya upana wa sentimita 15 hivi, iweke juu ya tandiko la chini, na ukalishe chungu ndani yake ili kibebwe na mduara. Tumbo la chungu lijazwe karatasi zilizokunjwakunjwa bila kushindiliwa, ili ukuta usipate pigo upande mmoja ukiwa mtupu upande wa pili. Mdomo uzungushiwe nailoni yenye mapovu ya hewa. Ukishafunga, tikisa boksi: ukisikia kitu kinacheza, fungua ujaze. Kisha bonyeza kifuniko kwa kiganja. Kinatakiwa kibonyee kidogo na kurudi. Kikiwa kimetuna, umejaza kupita kiasi na utalipia. Boksi letu la kilo 9.5 likituna na kuongezeka sentimita 2 katika kila kipimo, yaani 38 kwa 38 kwa 37, linakuwa kilo 10.69, nazo zinalipiwa kilo 11.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kama tayari nalipia kilo 9.5 na mzigo wangu haufiki 4, kwa nini nisiongeze kilo 3 za kahawa ya Mbozi ndani ya chungu, zisafiri bila gharama? Kwa upande wa ada, anayeuliza hivi yuko sahihi kabisa. Kahawa ni nzito kwa ujazo wake, na katika boksi lake yenyewe ingelipiwa kwa uzito wa mizani. Kasoro iko kwenye vitu laini. Tandiko lililokadiriwa kwa chungu cha kilo 2.4 sasa linabeba zaidi ya kilo 5. Boksi likidondoka, tandiko hubonyea lote hadi mwisho, na umbali wa kusimama unaisha wakati chungu bado kina mwendo. Kahawa iliyo ndani nayo inausukuma ukuta kutoka ndani. Kinachoweza kupanda bure ni kitu chepesi kinachofanya kazi: kitenge kimoja au viwili vilivyolegezwa tumboni badala ya karatasi, mradi viandikwe kwenye fomu ya forodha pamoja na chungu.

Kuna vyungu ambavyo sentimita 5 hazivitoshi: chenye vishikio vilivyochomoza, au kile ambacho hakipatikani tena. Kwa vyungu hivyo ninapendekeza boksi ndani ya boksi, si boksi moja lenye vitu laini vinene zaidi. Weka sentimita 2 kati ya chungu na boksi la ndani, kisha 5 kati ya maboksi mawili. Hesabu inafika karibu kilo 15, ambayo inakaribiana na ile ya boksi moja lenye sentimita 8. Kwa ada inayokaribia hiyohiyo unapata kitu ambacho unene peke yake hautoi, kwa sababu ukuta bapa wa boksi la ndani hulitawanya pigo kwenye upande mzima kabla halijafika kwenye tumbo la chungu.

Katika maduka ya Tunduma ni nadra kupata boksi la vipimo unavyovitaka. Utapewa katoni iliyotumika, tuseme 36 kwa 36 kwa kimo cha 45. Ikiachwa ilivyo ni kilo 11.66, zinazolipiwa kama 12. Chana kona zake nne kwa wembe hadi kimo cha ndani kifike sentimita 32, kwaruza mstari kwa upande butu wa kisu ili ukuta ukunjike sawasawa, na ukate vifuniko vya ziada. Kwa kimo cha nje cha 35 umerudi kwenye kilo 9.5. Ukifanikiwa kuipunguza hadi 34, hesabu inashuka chini ya kilo 9 na unalipia 9. Kwa hiyo pima chungu kwanza, ongeza vitu laini, ongeza unene wa katoni, na utafute boksi mwisho. Anayeanza na boksi alilopewa dukani ataishia kulijaza, na kila anachojazia atakilipia kwa kilo.