Slabu Iliyobonyea

Mafundi wengi wana unene mmoja wa slabu vichwani mwao: milimita 150. Kwa chumba cha mita 3 haina tatizo. Tatizo huanza mwenye nyumba anapotaka sebule ya mita 5, nondo zikaongezwa, unene ukabaki uleule.

Tuifanyie hesabu. Slabu imelala juu ya kuta mbili. Toa milimita 20 za biskuti chini ya nondo na nusu ya nondo ya milimita 12, inabaki kina cha kazi cha milimita 124. Gawanya 5,000 kwa 124, unapata 40. BS 8110, kanuni za Uingereza zilizotumika sana na wahandisi wetu, inaanza na 20 kwa slabu ya namna hii. Kwa kuwa nondo za slabu huwa chache kwa kina chake, hupanda hadi kama 26. Arobaini iko mbali mno. Ingehitajika slabu ya karibu milimita 220.

Nondo za ziada huzuia slabu isivunjike, lakini kupinda kunaamuliwa zaidi na kina. Na upana hauna huruma: mzigo na unene vikibaki vilevile, kutoka mita 4 hadi 5 mbonyeo huongezeka karibu mara 2.4.

Kisha kuna muda. Zege lililobeba mzigo huendelea kujikunja polepole, na linapokauka husinyaa. Kanuni za Kimarekani, ACI 318, zinakadiria nyongeza hiyo kwa slabu isiyo na nondo za juu katikati: ikiwa mzigo wa kudumu umeishusha milimita 10, baada ya miezi mitatu itakuwa 20, mwaka mmoja 24, miaka mitano 30. Kikomo cha kawaida, upana kugawanya kwa 250, ni milimita 20. Ndiyo maana nyumba hukabidhiwa ikiwa safi, na vigae huanza kuinuka mwaka unaofuata. Mirunda ikitolewa mapema zege likiwa bado changa, mambo huwa mabaya zaidi, maana nyufa za mwanzo hazijifungi tena.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu hawakuwa na hesabu hizi, ila urefu wa boriti za mikoko uliwabana: vyumba vilibaki vyembamba.

Kujua kama slabu bado inashuka, vuta uzi chini yake ukuta kwa ukuta, pima pengo katikati, andika tarehe, rudia baada ya miezi michache. Usiisawazishe kwa plasta ya saruji juu. Kujaza bonde la milimita 30 huongeza kwa wastani kama kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na slabu itazidi kushuka.

Kama bado hujamwaga zege, weka bimu za kina cha milimita 400 hivi zikivuka sebule kila mita 3. Hapo ile slabu ya 150 inatosha, mradi mhandisi apige hesabu ya nondo za bimu.