Mbio za usiku Mocímboa: hesabu ya mita 45

Anayetaka kukimbia baada ya kazi katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado huanza na tatizo la saa. Msumbiji yote inafuata saa moja, na Palma na Mocímboa da Praia ziko upande wake wa mashariki, kwa hiyo jua huwatangulia wakazi wake. Mwezi Juni linazama kama saa 11 na dakika 5 jioni. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Mtwara, jua hilohilo linazama wakati huohuo, ila saa za Tanzania zinasoma 12 na dakika 5. Utusitusi wa magharibi nao ni mfupi, hauzidi nusu saa. Mtu anayetoka ofisini Mocímboa saa 11, akafika nyumbani, akavaa raba na kuingia barabarani saa 12, tayari anakimbia usiku. Hakuna mwezi ambapo jua linamsubiri: hata Desemba huzama kabla ya saa 12 kasoro robo.

Basi tumtazame mkimbiaji huyo kwa macho ya dereva wa pikapu anayekuja kwa kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji sekunde moja na nusu hivi kutambua kitu na kukanyaga breki, ambazo ni mita 25 zilizokwisha kabla gari halijapunguza chochote. Breki zenyewe zinataka mita 20 nyingine. Jumla ni 45. Akiwa kwenye kilomita 80, jumla inakaribia 70. Lami yenye mchanga uliopeperushwa, jambo la kawaida pwani hii, huongeza zaidi. Sasa mvishe mkimbiaji wetu fulana nyeusi na bukta ya bluu: kwa taa za dimu, dereva mara nyingi humwona akiwa mita 30 hivi, au karibu zaidi. Hata dereva huyo awe mwangalifu kiasi gani, hawezi kusimama. Anachoweza ni kukwepa tu, na kukwepa kunategemea upande wa pili uwe mtupu.

Kinachowaponza wengi ni kwamba mkimbiaji mwenyewe anaona taa za gari tangu mbali, kisha anadhani naye anaonekana tangu mbali. Uchunguzi uliofanywa mara nyingi katika nchi mbalimbali umeonyesha kosa hilohilo: waendao kwa miguu usiku hujikadiria kuonekana kwa umbali mkubwa kuliko ule wa kweli. Rangi ya manjano kali au chungwa haisaidii kitu hapa. Ukali wake unatokana na miali ya jua isiyoonekana kwa macho, na gizani inabaki kuwa nguo ya rangi ya kawaida tu.

Kinachofanya kazi ni rifleketa, na mahali pa kuivaa pana maana kuliko wingi wake. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, aliweka nukta za mwanga kwenye viungo vya mtu aliyekuwa gizani. Mtu huyo akisimama, watazamaji waliona nukta zisizo na maana. Akitembea, walimtambua kuwa binadamu kwa chini ya sekunde moja. Watafiti wa Australia na Marekani baadaye walilijaribu jambo hilo barabarani, na vipande vya rifleketa kwenye vifundo vya miguu, magoti na mikono viliwafanya madereva wamtambue mtu kwa mbali zaidi kuliko kiasi kilekile cha rifleketa kikiwekwa kifuani. Mwanga uliotulia kifuani unaweza kuwa nguzo au kibao, lakini taa mbili zinazopanda na kushuka karibu na ardhi ni miguu ya mtu. Tena taa za dimu zimeelekezwa chini, hivyo kifundo cha mguu huangaziwa kabla ya kifua. Mwenye hela ya kununua kitu kimoja tu anunue mikanda miwili ya vifundoni na kuiacha fulana ya rifleketa dukani.

Rifleketa ina mpaka wake: hurudisha mwanga kule ulikotoka, basi. Pikipiki isiyo na taa au baiskeli haipati kitu kutoka kwayo. Kwa hao unahitaji mwanga wako mwenyewe, taa ndogo nyekundu mgongoni na tochi mbele. Mimi napendelea tochi ya kiunoni kuliko ya kichwani, kwa sababu mwanga unaotoka chini hulipa shimo kivuli na ukaliona, wakati ule wa kichwani huifanya njia yote ionekane tambarare.

Msumbiji magari hupita kushoto, kwa hiyo mkimbiaji anakaa kulia, akiyatazama yanayokuja upande wake. Faida si kuona tu. Taa za dimu za nchi za kushoto zimetengenezwa zimulike mbali zaidi ukingo wa kushoto wa dereva, na hapo ndipo ulipo wewe. Gari lililotengenezewa nchi za kulia, lenye usukani kushoto, hulielekeza jicho lake upande wa pili na kukuacha gizani. Hilo lipishe mapema.

Kuna nyakati mbili ambapo nakushauri utoke barabarani kabisa. Ya kwanza ni pale taa moja inapokujia. Usiamini kuwa ni pikipiki. Chukulia kuwa ni lori lenye taa ya kulia pekee, maana hapo mwili wake wote uko upande wako. Ya pili ni pale gari lililo mbele yako na jingine litokalo nyuma yanapokaribia kupishana sawasawa na ulipo. Kila dereva anapofushwa na taa za mwenzake, na kwa sekunde hizo hata rifleketa hupotea. Siku za kusi, ukikimbia kuelekea kusini, upepo unavuma masikioni na kuipeleka nyuma sauti ya gari linalokufuata. Siku hizo spika za masikioni zibaki nyumbani.

Njia nayo ina sheria za mahali. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 Mocímboa, na yale ya Machi 2021 Palma, barabara zinazotoka mjini si za mazoezi ya usiku, na vizuizi vya wanajeshi ni sehemu ya maisha. Askari aliye kwenye kizuizi hawezi kujua kama kivuli kinachomkimbilia ni cha mwanamichezo. Kwa hiyo mzunguko mfupi ndani ya mitaa yenye watu, unaorudiwa, ni bora kuliko njia ndefu ya kwenda na kurudi: mashimo yote umeyaona mchana, na hakuna hatua inayokupeleka kwenye kizuizi. Ukijikuta umekikaribia, acha kukimbia, shusha tochi, tembea mikono ikionekana.

Kabla ya kuamini mavazi yako, yapime. Mwombe rafiki mwenye gari aje taratibu kwa taa za dimu kwenye kipande kilichonyooka, na asimame pale anapokutambua, nawe uhesabu hatua hadi kwenye gari. Kumbuka kwamba yeye anajua upo, kwa hiyo dereva wa kweli atakuona kwa karibu zaidi, pengine nusu ya umbali huo. Ikiwa nusu hiyo haifiki mita 45, usikimbie barabara hiyo usiku. Desemba jua la Mocímboa linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Kimbia wakati huo.