Beki Anayegeuza Kichwa

Huko Katuba kuna mwalimu wa kujitolea ambaye mchana huchomelea vyuma na jioni hufundisha watoto mpira. Wazazi wanaosimama pembeni mwa kiwanja chake wana lalamiko moja: mabeki wake hawatazami mpira. Mpira ukiwa upande wa pili, utamwona kijana wa miaka 12 anageuza kichwa, anachungulia nyuma ya bega, anarudisha macho mbele, kisha anageuza tena. "Angalia mupira!" mama mmoja anapiga kelele. Mwalimu hamjibu. Anamgeukia mtoto: "Mupira haiwezi kukuzunguka. Mutu njo anakuzunguka."

Nimewatazama makocha wengi wa mitaa ya Lubumbashi, na sijui mwingine anayekitia uzito kiasi hiki kitendo kidogo namna hii. Hata wakati wake ameuchagua. Kichwa kinageuzwa pale mpira unaposafiri kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwa sababu mpira ukiwa njiani hakuna anayeweza kuupeleka kwingine. Huo ndio upenyo wa beki kutazama nyuma bila hasara, na ndio huohuo mshambuliaji mjanja anautumia kuhama. Beki aliyeganda akiufuatilia mpira kwa macho, mpira ukifika mguuni mwa mtu anagundua kwamba kijana aliyekuwa mbele yake sasa yuko mgongoni.

Halafu kuna namna ya kusimama. Mwalimu hataki beki ampe mpinzani uso mzima wala mgongo mzima. Beki anasimama kiubavu, kati ya mpinzani na goli, hatua moja ndani kuelekea katikati, mguu mmoja nyuma, hivi kwamba jicho moja linapata mpira na jingine linapata mtu. Mkono wa nyuma umekunjwa kidogo, vidole vikimgusa mpinzani bila kumshika, ili beki ajue mpinzani ameondoka hata kabla ya kumwona. Mwamuzi hana la kusema kwa kidole kilichogusa. Beki akikunja jezi, hapo ni adhabu. Mwalimu anaweza kutumia jioni nzima kwa vidole hivyo. Mpira wenyewe unakaa pembeni na watoto wananung'unika.

Mji huu ungepaswa kuyaelewa mambo hayo bila kufafanuliwa. Mwaka 1973 mchezaji bora wa Afrika alitoka hapa, Bwanga Tshimen wa Mazembe, naye alikuwa mtu wa nyuma. Tuzo hizo, hapa kwetu na huko Bulaya, kwa kawaida hupewa wafungaji. Beki anapozipata ni ajabu. Leo ukiwauliza watoto wa Kamalondo wanataka kuwa nani, watakutajia majina ya washambuliaji mpaka uchoke, na hakuna atakayemtaja Bwanga. Sitawalaumu. Hakuna aliyewasimulia.

Ugomvi wa makocha wetu siku hizi ni kati ya zoni na mtu kwa mtu, na mara nyingi unaamuliwa kabla haujaanza: zoni ni ya kisasa, mtu kwa mtu ni ya wazee. Ni kweli kwamba zamani kila beki alipewa mtu wake na libero akabaki nyuma kuokota kilichovuja. Katika Kombe la Dunia la 1982 Claudio Gentile, Mwitaliano aliyezaliwa Tripoli, alimganda Maradona, kisha katika mechi iliyofuata akamganda Zico mpaka jezi ya Mbrazili huyo ikachanika. Miaka michache baadaye Arrigo Sacchi akaja Milan na safu ya mabeki wanne wanaosogea pamoja, akabeba makombe ya Ulaya ya 1989 na 1990, na dunia ikamfuata. Lakini wanaomfuata wamesahau nusu ya maneno yake. Sacchi aliwataka wachezaji wake wajipange kwa vitu vinne: mpira, nafasi, mwenzako na mpinzani. Mpinzani hakuondolewa kwenye hesabu. Wa kwetu wamebakiza nafasi tu.

Mlinzi wa usiku anapewa ua, hapewi mwizi. Ila mwizi akiruka ukuta, hawezi kusema kazi yake ni kulinda ua. Zoni ni hivyo. Ndani ya eneo lako bado unamkaba mtu, kwa karibu kuliko hata Gentile ikiwa ni mbele ya goli. Kinachobadilika ni kwamba anapovuka mpaka wako unamkabidhi kwa mwenzako. Ufundi wote umo katika kukabidhi huko, na ndiko watoto wetu wanakoangukia.

Nitatoa mfano wa mechi moja ya mtaani, timu zote mbili zikiwa na mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili. Winga wa kushoto wa wageni aliacha mstari wa pembeni akaingia ndani, nyuma ya migongo ya viungo wetu. Beki wetu wa kulia, aliyefundishwa kwingine kwamba mtu wake ni wake mpaka kifo, alimfuata mita kumi na zaidi. Pembeni pakabaki uwazi. Beki wa kushoto wa wageni akauona, akapanda, na winga wetu wa kulia aliyepaswa kumfuata alikuwa akitazama mpira. Pasi ikapigwa kwenye uwazi, beki wetu wa kati akalazimika kutoka kwenda kuziba, na katikati mshambuliaji wao akabaki peke yake. Goli.

Wakati wa mapumziko kocha wa timu yetu, kijana mwenye michoro kwenye simu, alimfokea beki: "Baki kwenye zoni yako!" Kipindi cha pili beki akabaki. Winga akaingia ndani vilevile, na safari hii hakufuatwa na yeyote. Akapokea mpira akiwa huru, akageuka kwa raha, akapiga. Goli la pili lilizaliwa na dawa ya goli la kwanza.

Mwalimu wa Katuba angefanyaje? Kwake beki anaondoka na winga, lakini kwa hatua chache tu, akiwa karibu naye kabisa, na huku akipiga kelele kwa kiungo wa kati: "Chukua!" Kisha hamwachi. Anasubiri jibu. Kiungo akijibu "Niko naye!" ndipo beki anarudi mahali pake, na kabla ya kutazama mpira anatazama nje, kwa sababu huko ndiko beki wao anakotokea. Jibu lisipokuja, anaendelea kumfuata winga, na anawaambia mabeki wenzake wasogee upande wake wote watatu. Uwazi hauishi, unahamishiwa upande wa mbali, kwa winga wa huko aliye mbali na mpira.

Hapo kuna jambo ambalo michoro ya televisheni haisemi. Mtoto wa miaka 12 hana nguvu ya kupiga mpira wa juu wa mita 40 ukafika. Kwa hiyo kuacha upande wa mbali wazi hakumgharimu beki wa umri huo karibu chochote, na mwalimu anawaruhusu vijana wake wabanane kuelekea mpira bila hofu. Wakifika miaka 16 hesabu inabadilika: mpira huo unafika kwa sekunde mbili hivi, na ni lazima safu ijue kusogea yote kwa wakati mmoja. Anayewapa watoto zoni ya watu wazima anawafundisha kuogopa pasi ambayo hakuna mwenzao anayeweza kuipiga.

Ndiyo maana mwalimu anaanza na mtu kwa mtu. Kwenye kiwanja kidogo cha hatua 30 kwa 20, wanne kwa wanne, kila mmoja na wake, na huruhusiwi kumnyang'anya mpira mtu asiye wako. Watoto wanachukia sheria hiyo, kwa sababu mtu wako akifunga, kila mtu anajua ni nani alilala. Baada ya miezi kadhaa ndipo anachora mstari wa chokaa katikati na kuwaruhusu kukabidhiana wanapouvuka, kwa sharti la sauti mbili: ya anayetoa na ya anayepokea. Kocha mwingine niliyemwona aliwafunga mabeki wake kamba kiunoni ili safu isivunjike. Safu haikuvunjika kweli. Ila watoto walikuwa wakitazama kamba.

Kugundua kwamba zoni imekosewa hakuhitaji kamera. Goli likiingia, tazama mikono. Kwa mtu kwa mtu, kijana mmoja anainamisha kichwa. Kwa zoni isiyo na sauti, vijana wawili wananyoosheana vidole, na wote wawili wana haki, kwa sababu kila mmoja alikuwa mahali alipoambiwa asimame.

Kwenye kona mwalimu anachanganya, na hapo sina hoja ya kumpinga. Mashindano yetu ya watoto yana vijana wa miaka ya karatasi, wenye sharubu na sauti nzito. Ukimpa mtoto wa kilo 35 mmoja wa hao amkabe, umemwonea. Kwa hiyo anaweka mmoja kwenye mlingoti wa karibu, watatu kwenye mstari wa eneo dogo la kipa, na hao wanashughulikia mpira unaoanguka mbele yao tu. Lakini aliyesimama hawezi kuruka sawasawa na anayekuja kwa kasi, na hilo ndilo tundu la zoni kwenye kona. Basi wawili wenye miili wanapewa vichwa viwili hatari vya wapinzani, bila kudaiwa kushinda mpira wa juu. Kazi yao ni kusimama kwenye njia ya mbio zao na kuzivunja kabla hawajaruka.

Haya yote yanataka uwanja na muda, na Lubumbashi inazidi kuvimaliza vyote viwili. Viwanja vya vumbi vinakatwa kuwa ploti, watoto wanacheza kati ya kuta mbili ambako upande wa mbali haupo kabisa. Na wazazi wanataka ushindi wa Jumapili. Vijana watatu wazuri wa mwalimu wamechukuliwa msimu huu na timu yenye jezi mpya na koni za rangi. Nilikwenda kuwatazama. Wanasimama kwenye mstari mzuri sana, umbali sawa kati yao, na mpira ukihama wanahama. Hawaitani tena, na yule wa kulia ameacha kugeuza kichwa.