Kurejesha au Kutangua? Maoni juu ya Tafsiri ya Istilahi za Muamala

Tumeletewa kwa ukaguzi tafsiri ya mwongozo wa kuwafundisha makarani wa vyama vya akiba na mikopo katika wilaya za Ngara na Biharamulo namna programu yao ya Java inavyohamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Kwa jumla Kiswahili chake ni safi. Hata hivyo maneno mawili, 'thibitisha' kwa `commit` na 'rejesha' kwa `rollback`, yanampotosha msomaji mahali pale pale ambapo fedha hupotea.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Rulenge ana akiba ya shilingi 500,000, naye anamlipa mfanyabiashara wa Nyakahura, mwenye 300,000, shilingi 120,000. Kwa mashine kazi hii ni amri mbili: ya kwanza yapunguza, ya pili yaongeza. JDBC, yaani njia ambayo programu ya Java huzungumza na hifadhidata, kwa kawaida huhitimisha kila amri papo hapo inapokwisha. Umeme ukikatika baina ya amri hizo mbili, mkulima amebaki na 380,000, mfanyabiashara angali na 300,000, na jumla ya 800,000 imekuwa 680,000. Ndiyo maana mwandishi wa programu huizima desturi hiyo kwanza:

```java
c.setAutoCommit(false);
try {
    int a = toa.executeUpdate();
    int b = weka.executeUpdate();
    if (a != 1 || b != 1)
        throw new SQLException("Akaunti haikuguswa");
    c.commit();
} catch (SQLException e) {
    c.rollback();
    throw e;
}
```

Sasa tuyatazame maneno. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, kila mwenye simu amezoea kuwa 'kuthibitisha' ni kubonyeza namba ya siri kabla fedha hazijaondoka. Lakini `commit` huja mwisho, amri zote zikiwa zimekwisha kutekelezwa, nayo ndiyo inayozifanya ziwe za kudumu na zionekane na wengine. Kwa hiyo tunapendekeza 'kuhitimisha'.

Neno 'rejesha' lina hatari kubwa zaidi. Karani analijua kwa maana ya kumrudishia mtu fedha zilizokwisha kufika pasipo pake. Akisoma kwamba programu 'hurejesha muamala', atadhani mfanyabiashara wa Nyakahura akipokea fedha kimakosa, `rollback` itazirudisha Rulenge. Haiwezi. `rollback` hufuta tu yale ambayo hayajahitimishwa; baada ya `commit()` hakuna cha kufuta, na dawa ni kuandika muamala mpya wa kinyume, wenye kumbukumbu yake katika daftari. Hayo ni mambo mawili, na lugha iyape majina mawili: 'kutangua' kwa lisilohitimishwa, 'kurejesha' kwa lililohitimishwa. Tunajua kwamba 'kutangua' hutumika pia kwa ndoa iliyokwisha kufungwa; kasoro hiyo tunaivumilia, maana kwa habari za fedha neno hilo bado halijashikwa na maana nyingine.

Mfasiri ameongeza sentensi isemayo kwamba 'kosa lolote litarejeshwa lenyewe'. Hapa kosa si la istilahi tena. Karani akikosea namba ya akaunti ya Nyakahura, na namba hiyo isiwepo kabisa, amri ya pili haitalalamika: itajibu kwamba imegusa mistari 0, kisha programu isiyouliza jibu hilo itahitimisha kwa utulivu. Shilingi 120,000 zitapotea ingawa `setAutoCommit(false)` imeandikwa barabara. Ndiyo sababu ya ule mstari wa `if` katika mfano wetu, ambao mwongozo umeuacha. Dalili yake ni jumla ya akaunti zote kupungua bila ujumbe wowote wa kosa kuonekana.

Kuhusu 'muamala' hatuna ugomvi, ijapokuwa vijana wasemapo 'muamala umesoma' wanamaanisha fedha zimeingia, na mwandishi wa programu anamaanisha fungu zima la amri, za kutoa na za kuweka, liendalo pamoja au lisiende kabisa. Maelezo ya sentensi moja mwanzoni mwa mwongozo yatatosha.

Limebaki jambo ambalo mwongozo haukuligusa wala halijapata neno. Mawasiliano yakikatika wakati `commit()` yenyewe imekwisha kutumwa na jibu halijarudi, programu haijui kama muamala umehitimishwa au umetanguliwa, na kuita `rollback()` hakutaijulisha. Karani asiurudie muamala. Asome kwanza daftari kwa namba ya kumbukumbu ya muamala huo. Kwa hali hiyo tumeandika kwa muda 'muamala wenye shaka', na tunawaomba watafsiri walio na neno bora watuletee.