Barua ya Kwanza ya Muuza Kahawa

Ukitaja Kericho, watu wengi huwaza chai. Lakini Kipkelion, mji ambao stesheni yake ya reli iliitwa Lumbwa enzi za ukoloni, uko katika eneo la wakulima wa kahawa, na vyama vyao vya ushirika vina mzigo mzuri ambao wanunuzi wengi hawajauonja. Ndiyo maana katibu wa chama kama hicho hulazimika kuandikia watu asiowajua. Kuandika ujumbe huo vizuri ni ufundi, na ufundi huo unastahili sifa.

Ujumbe mbovu unajulikana kabla haujafunguliwa. Mada imeandikwa kwa herufi kubwa, salamu ni ya “Ndugu Mteja”, umenakiliwa kwa watu mia kwa mpigo, na umebeba faili zito la picha. Mpokeaji hana haja ya kusoma. Akibonyeza kitufe cha kuripoti taka, si ujumbe ule mmoja tu unaoumia: malalamiko yakizidi, hata barua ambazo chama kitawaandikia watu wengine huanza kutupwa kwenye kapu la taka.

Kosa jingine halionekani upesi, nalo ndilo linalovunja biashara nyingi. Mchukulie mkaangaji mdogo wa Nairobi mwenye mashine ya kukaanga kilo 15 kwa mpigo. Mfuko mmoja wa kilo 60 humtosha mikaango minne. Akipokea barua inayomwahidi “kontena”, yaani mifuko kama 320, anajua papo hapo kwamba mwandishi hajui anamwandikia nani. Lugha inaweza kuwa ya heshima tele, lakini heshima yenyewe haimo.

Katibu mwenye ufundi huanza kwa kusoma. Huangalia mkaangaji anauza kahawa za wapi, za daraja gani, na kwa vifuko vya ukubwa gani. Kisha huandika hivi, kwa mfano, chini ya mada isemayo “Sampuli ya kahawa AB kutoka Kipkelion”:

“Habari za kazi. Nimeona mnauza kahawa za Nyeri na Kirinyaga, kila moja kwa jina la eneo lake, ila sijaona ya upande wa Kericho. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima hapa Kipkelion. Tuna kahawa iliyooshwa, daraja la AB, mavuno ya msimu huu, mifuko 12 ya kilo 60, unyevu asilimia 11. Naomba kuwatumia gramu 300 muonje. Kama hamnunui msimu huu, neno moja latosha, nami sitawasumbua tena.”

Sentensi ya kwanza baada ya salamu haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya barua na taka, na haipatikani kwa kubandika jina la mpokeaji juu ya maneno yaleyale. Salamu ni fupi kwa makusudi. Mtu aliyelelewa kuulizana habari za nyumbani, mifugo na mvua ataiona kavu, lakini matapeli wamezitumia mno salamu ndefu hivi kwamba zikitoka kwa mgeni humtia mtu wasiwasi. Adabu imehamia kwenye kazi ya kumsoma mtu kabla ya kumwandikia.

Takwimu nazo zina kazi. Unyevu wa asilimia 11 humwambia mkaangaji kwamba kahawa imekaushwa vizuri, kwa kuwa ikizidi 12 huweza kuota ukungu ghalani. Bei haimo. Haijafichwa: mnunuzi makini hawezi kuijadili kabla ya kuonja, na njia ya mauzo, iwe mnada wa Nairobi au mkataba wa moja kwa moja, itazungumzwa baadaye. Linaloombwa ni jambo dogo, ambalo mtu anaweza kulikubali akiwa amesimama kando ya mashine yake.

Anwani nayo itoke pale mnunuzi mwenyewe alipoitangaza kwa ajili ya biashara. Kununua orodha ya namba za simu za watu ni kujitafutia balaa, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazuia kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake au ruhusa ya sheria.

Kimya kikizidi wiki mbili, ukumbusho mmoja unaruhusiwa, wa sentensi mbili, chini ya barua ileile. Baada ya hapo katibu aache. Jibu la kukubali likija, sampuli itolewe katika mifuko ileile 12, wala isichambuliwe kwa mkono ili ipendeze, na kifuko kiandikwe daraja, msimu na unyevu kama vilivyotajwa kwenye barua, kwa sababu mkaangaji ataipima kwa kipima unyevu chake kabla hajachemsha maji.