Dirisha la Nairobi na Johannesburg

Madalali wa hisa wa Nairobi walianza biashara yao rasmi mwaka 1954, na kwa miaka mingi walikutana katika hoteli ya Stanley, katikati ya jiji. Baadaye soko lilihamia jengo la Nation Centre, Barabara ya Kimathi, ambako wauzaji na wanunuzi walitangaziana bei kwa sauti ukumbini. Tarehe 11 Septemba 2006 mashine ilichukua nafasi ya sauti hizo. Leo Soko la Hisa la Nairobi lina jengo lake Westlands, na dalali anaweza kufanya kazi akiwa ofisini kwake popote mjini. Enzi za ukumbi aliyekuwa akibishana naye bei alisimama mbele yake. Leo anayeiamua bei hiyo anaweza kuwa Johannesburg au London, na jambo la kwanza ambalo dalali hujiuliza ni kama mwenzake huyo ameshafungua.

Ufundi ninaotaka kuusifu hapa ni wa kutafuta muda ambao masoko mawili yako wazi kwa pamoja. Ukitajwa tu unaonekana hesabu ya mtoto wa shule. Nimewatazama watu wanaoufanya kila siku, na kadiri nilivyowatazama ndivyo nilivyoona uangalifu uliomo ndani yake. Mfano mzuri kuliko yote Nairobi ni NewGold, mfuko wa dhahabu uliozaliwa katika soko la Johannesburg na kuorodheshwa Nairobi mwaka 2017. Hisa moja ya NewGold ilianza ikiwakilisha takriban sehemu moja kwa mia ya aunsi ya dhahabu, na ada za kila mwaka huimega kidogo kidogo. Hisa ni ileile, dhahabu ni ileile, ila inauzwa kwa shilingi Westlands na kwa randi Johannesburg. Basi bei mbili hizi zapaswa kwenda sambamba, na mtu anaweza kuthibitisha hilo pale tu masoko yote mawili yanapofanya kazi.

Hatua ya kwanza ni kuleta saa zote kwenye ukuta mmoja. Nairobi inaanza biashara saa tatu na nusu asubuhi na kufunga saa tisa alasiri. Johannesburg inaanza saa tatu asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni kwa saa za kwao, lakini wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo, kwa saa za Nairobi, wanafungua saa nne asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Dalali mzoefu huwa hafanyi hesabu hii kichwani huku simu inalia. Ameshaiandika kwenye jedwali, kila soko kwa saa ya Nairobi.

Hatua ya pili ni kuchukua ufunguzi unaochelewa zaidi na ufungaji unaowahi zaidi. Kilichobaki katikati ndicho dirisha. Ili kompyuta isichanganye asubuhi na jioni, wengi huandika muda kwa dakika tangu usiku wa manane. Nairobi inakuwa 570 hadi 900, na Johannesburg 600 hadi 1080:

```
MIN(900, 1080) - MAX(570, 600) = 300
```

Dakika 300 ni muda wa saa 5 kamili, tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inasema kweli hata pale ambapo dirisha halipo. Iweke New York, ambayo wakati wa baridi yao hufungua saa kumi na moja na nusu jioni ya Nairobi, yaani dakika ya 1050, na kufunga usiku wa manane. Jibu linakuwa hasi 150. Maana yake masoko hayo mawili hayakutani kabisa, na kati ya kufunga kwetu na kufungua kwao kuna pengo la saa mbili na nusu. Wakati wa kiangazi chao pengo hupungua hadi saa moja na nusu, ila halizibiki. Mteja wa Kilimani anayetaka kuuza hisa Nairobi na kununua New York kwa bei za wakati mmoja anaomba kitu ambacho saa za masoko hayo hazikitoi.

Hatua ya tatu ndiyo inayomtenganisha fundi na mwanafunzi. Kenya na Afrika Kusini hazibadilishi saa, kwa hiyo dirisha lao halisogei mwaka mzima. London inabadilisha. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Soko lao hufungua saa mbili asubuhi ya kwao siku zote, lakini kwetu ufunguzi huo ni saa tano asubuhi wakati wa baridi na saa nne wakati wa kiangazi. Mwaka 2026 badiliko la kwanza linaangukia tarehe 29 Machi. Ijumaa tarehe 27, Nairobi na London zinakuwa wazi pamoja kwa muda wa saa 4. Jumatatu tarehe 30, muda huo ni saa 5, ingawa hapa hakuna aliyegusa saa yake.

Wamarekani nao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna majuma mawili au matatu mwezi Machi, na juma moja mwishoni mwa Oktoba, ambapo London na New York hukutana kwa muda wa saa 3 badala ya 2 zilizozoeleka. Mtu aliyeandika kwenye programu yake kwamba London iko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu daima atakosea miezi saba ya mwaka. Ndiyo maana wanaojua huandika jina la mahali, `Europe/London` au `Africa/Nairobi`, ili kompyuta itafute kanuni ya tarehe husika yenyewe.

Kisha kuna sikukuu. Tarehe 9 Agosti ni Siku ya Wanawake Afrika Kusini, na sheria yao inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake ni mapumziko. Mwaka 2026 ndivyo ilivyo, kwa hiyo tarehe 10 Agosti Nairobi inafanya kazi ilhali Johannesburg imefungwa. Tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, mambo yanageuka: Johannesburg inauza nasi tumepumzika. Sikukuu ya Idd ndiyo inayotaka jicho zaidi, kwa kuwa tangazo rasmi la mapumziko huweza kutoka siku chache tu kabla.

Tuitazame sasa siku moja ya kazi, kwa tarakimu za mfano. Tuseme randi 18 hununua dola moja, na shilingi 129 hununua dola hiyohiyo. Randi moja basi ni shilingi 7.17 hivi. NewGold ikiwa randi 540 Johannesburg, bei yake ya haki Nairobi ni shilingi 3,870.

Saa tatu na nusu asubuhi soko letu linafungua. Johannesburg bado haijaanza kuuza, ila mnada wao wa ufunguzi ndio unaanza dakika hiyo na utaendelea kwa nusu saa. Skrini inaonyesha bei ya makadirio inayopanda na kushuka kadiri oda zinavyoingia na kuondolewa. Mgeni huiona bei hiyo akadhani ni ya kweli. Dalali mzuri huitazama tu. Akilazimika kutoa bei katika nusu saa hii, huweka nafasi pana kati ya anachonunulia na anachouzia, maana dhahabu imekuwa ikiuzwa duniani usiku kucha na bei ya jana alasiri haijasikia habari hizo.

Saa nne inapogonga, Johannesburg inatoa bei yake ya kwanza halisi, tuseme randi 546. Kwa shilingi hiyo ni 3,913. Kwenye skrini ya Nairobi bado kuna mtu anauza kwa 3,870. Tofauti ni shilingi 43, na mwanafunzi tayari ananyosha mkono kuzichukua. Fundi hupiga hesabu ya gharama kwanza. Zikiwa jumla asilimia 1 kwa pande zote mbili, karibu shilingi 39 zimekwenda, na zimebaki 4. Tena hisa aliyoinunua Nairobi iko katika rejista ya CDSC, ilhali ya Johannesburg hutunzwa Strate, na kuihamisha kutoka rejista moja hadi nyingine huchukua siku, si dakika. Dirisha la saa 5 humwezesha kulinganisha bei, lakini halihamishi mali. Kwa hiyo shilingi 4 hizo anaziacha, na anachofanya ni kusogeza bei zake mwenyewe zilingane na randi 546, ili mteja wake asije akauza kwa bei iliyopitwa.

Mchana kuna kituo kingine cha kuhakikisha. London hutangaza bei rasmi ya dhahabu mara mbili kwa siku, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri ya kwao. Ile ya asubuhi hufika Nairobi saa sita na nusu mchana wakati wa kiangazi chao, na saa saba na nusu wakati wa baridi, ndani ya saa zetu za kazi kwa mwaka mzima. Ile ya alasiri hutukuta tumeshafunga. Mwenye oda kubwa ya dhahabu ana sababu ya kuingoja ile ya kwanza, kwa kuwa baada yake dhahabu, randi na shilingi zote zina bei ya leo.

Lakini masoko mawili kuwa wazi si sawa na kuwa na watu ndani yake. NewGold haiuzwi kwa wingi Nairobi, na inawezekana bei inayoonekana kwenye skrini saa sita mchana iliwekwa siku zilizopita. Dalali hujua kwa kutazama vitu viwili: saa ya biashara ya mwisho, na oda zilizopo sasa pande zote mbili. Kama upande wa wanunuzi ni mtupu, dirisha la saa 5 kwake ni sawa na sifuri, na humwambia mteja hivyo waziwazi.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu zaidi. Jedwali la saa kila mtu anaweza kulipata. Wanaoifanya kazi hii vizuri hulipitia upya kila Machi na kila Oktoba, hupanga kalenda za sikukuu za nchi mbili bega kwa bega, kisha hutumia sehemu kubwa ya muda huo wa pamoja kukagua na sehemu ndogo kununua. Mteja aliyeshauriwa asubuhi angoje nusu saa pengine hatajua kamwe ni shilingi ngapi aliokolewa. Aliyemshauri anajua, kwa sababu saa nne ilipofika alirudi kwenye jedwali lake akazihesabu.