Namba saba bila rimu: jinsi ukingo ulivyopunguzwa

Mwalimu alifika na miwani yake ndani ya leso. Ilikuwa miwani isiyo na rimu kabisa, ile ambayo lenzi hutobolewa matundu na kushikwa na skrubu kwenye daraja la puani na kwenye mikono ya pembeni. Lenzi ya kushoto ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioanza kwenye tundu la upande wa sikio ukaelekea ukingoni. Mkono wa upande huo ulikuwa ukicheza. "Fundi, hii ni ya pili ndani ya mwaka mmoja," aliniambia. "Na bado naitaka isiyo na rimu, ile nyingine inanifunika uso."

Karatasi yake ya vipimo ilisoma −7.00 macho yote mawili, bila astigmatizimu. Kwa mtu asiyeona mbali, lenzi huwa nyembamba katikati na nene kandoni, na kadiri unavyokwenda mbali na kitovu ndivyo unene unavyopanda. Kwenye fremu yenye rimu, unene huo hujificha kwa kiasi na rimu hubeba mzigo. Ukiondoa rimu, lenzi yenyewe inageuka kuwa fremu. Kila anapovua miwani kwa mkono mmoja, nguvu yote ya kupindua inaishia kwenye tundu dogo lisilofika milimita mbili.

Nilianza kwa kusoma namba zilizoandikwa ndani ya mkono wa miwani: 54□18. Maana yake kila lenzi ina upana wa milimita 54 na daraja lina 18. Ukijumlisha unapata 72, nao ndio umbali kati ya vitovu vya fremu. Umbali wa mboni kwa mboni wa mwalimu ulikuwa 62. Tofauti ni 10, kwa hiyo kitovu cha kila lenzi kililazimika kusogezwa milimita 5 kuelekea puani. Nusu ya lenzi ni 27. Ongeza 5, na ukingo wa upande wa sikio unakuwa milimita 32 kutoka kitovuni. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa.

Kuna hesabu fupi ya kukadiria unene, nguvu ikichukuliwa bila alama ya kutoa:

```
ukingo = kitovu + (nguvu × umbali²) ÷ (2000 × (indeksi − 1))
```

Indeksi ni namba inayoonyesha jinsi plastiki ya lenzi inavyopinda mwanga. Ikipanda, lenzi inakuwa nyembamba zaidi kwa nguvu ileile. Lenzi zake zilikuwa za plastiki ya kawaida, indeksi 1.50. Tukichukua kitovu cha milimita 2, ukingo unafika 9.2. Hata pale skrubu ilipopita, milimita chache ndani ya ukingo, ilivuka karibu milimita 8 za plastiki. Plastiki ya kawaida huonyesha vizuri lakini ni kavu: ikikazwa tunduni haibonyei, inapasuka.

Wengi wakifika hapa huruka moja kwa moja kwenye lenzi ya bei kubwa. Nilimfanyia mwalimu hesabu hiyo mbele yake. Kwenye fremu ileile, indeksi 1.67 ingempa ukingo wa milimita 7.3. Kisha nikachukua fremu ndogo, 46□20. Jumla yake ni 66, kitovu kinasogea milimita 2 tu, na ukingo uko 25 kutoka kitovuni. Kwa plastiki ileile ya kawaida, ukingo ni 6.4. Fremu ndogo yenye lenzi ya kawaida iliishinda fremu kubwa yenye lenzi ya gharama, kwa sababu umbali unazidishwa kwa wenyewe. Kila milimita unayoipunguza pembeni inalipa mara nyingi.

Baada ya fremu ndipo tukachagua lenzi. Indeksi 1.67 ingetoa 5.3, na 1.60 ingetoa 5.6. Nilichukua 1.60. Tofauti haifiki nusu milimita, lakini plastiki ya 1.60 inayojulikana kwa mafundi kama MR-8 huvumilia kutobolewa vizuri, na haitawanyi rangi kando ya herufi kama 1.67 inavyofanya mtu anapotazama kwa pembeni. Traiveksi ingekuwa ngumu zaidi kupasuka, ila indeksi yake ni 1.53 tu, na ukingo ungerudi kwenye 6.1.

Nilimwonyesha pia nusu rimu, ambapo juu kuna chuma na chini lenzi inashikwa na uzi wa nailoni unaolala ndani ya mfereji uliochongwa ukingoni. Haina tundu, hivyo mzigo unasambaa. Inachohitaji ni ukingo usiopungua takriban milimita 2 mahali pembamba kuliko pote, la sivyo kuta za mfereji humeguka. Lenzi yake ingetosha, lakini kwa ukingo mnene mfereji unapaswa kufuata mpindo wa uso wa mbele. Ukipita katikati ya unene, lenzi inachomoza mbele ya chuma. Alitazama kioo, akachagua isiyo na rimu.

Kutoboa kulitaka subira. Niliweka alama kwa kufuatisha lenzi za mfano zilizokuja na fremu, nikaanza na keekee ya milimita 1 kutoka uso wa mbele, kisha nikapanua kidogo kidogo ili plastiki isipate joto. Midomo ya tundu niliilainisha pande zote mbili, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona kali. Nikaweka vishikizo vya plastiki kati ya chuma na lenzi, nikakaza skrubu hadi mkono ulipoacha kucheza, nikaishia hapo. Uso wa nyuma wa lenzi ya mainasi umelala kwa mteremko, na chuma kikiufuata mikono hutanuka nje. Ilinibidi kukunja bawaba taratibu hadi mikono ikae sambamba na kufunga bila kugonga ukingo.

Mwisho niliweka miwani kati ya vioo viwili vya polaroidi vilivyopishana na kuiangalia mbele ya taa. Plastiki iliyobanwa huonyesha mwanga unaong'aa kuzunguka tundu. Tundu moja liling'aa kama ua. Nililegeza skrubu robo mzunguko na ua likafifia. Kipimo cha ukingo kilisoma 5.7.

Kwa mwenye lenzi ya plasi mambo yanageuka. Ukingo wake ndio mwembamba, na ili kupata milimita 2 za kutobolea lazima lenzi nzima inenepeshwe. Ndani ya rimu ya chuma ukingo ungeweza kushuka hadi takriban 1. Kwake, kuondoa rimu kunaongeza unene na uzito katikati, mbele ya jicho.

Mwalimu aliniuliza kama namba ikipanda ataendelea hivi. Nikamfanyia hesabu ya mwisho: −10 kwenye fremu hiihii na lenzi hiihii inatoa ukingo wa 7.2. Hapo unene unaanza kurudi kuelekea ule wa miwani iliyoletwa ndani ya leso, na mimi sitatoboa. Nitampa rimu kamili, ndogo na ya duara. Kwa leo nilimwomba jambo moja: aivue kwa mikono miwili.